Mbwa amemuuma mpeleka-mizigo: kabla ya kupokea franka, chukua kaye

Mjini Lubumbashi, mbwa akimuuma kijana wa kupeleka mizigo, kitu cha kwanza kinachotoka ndani ya lupango ni franka, na sabuni inakuja nyuma. Mwenye nyumba anaomba pole, anatoa pesa kidogo «ya dawa», sentineli anamfunga mbwa, kijana anapanda moto yake na kwenda zake na suruali iliyopasuka. Wote wanaona kwamba wamepatana vizuri. Hakuna aliyeandika jina, namba ya telefone, wala tarehe.

Kupatana kwa namna hiyo ni kubaya, hata pesa iwe nyingi namna gani. Pesa inalipa suruali. Kwa ugonjwa wa raje, ule ambao wengi wanauita kichaa cha mbwa, kinachohitajika zaidi ni habari za mbwa yule kwa siku kumi zinazofuata. Habari hizo ziko kwa mwenye mbwa peke yake. Kijana akiondoka bila kujua jinsi ya kumpata tena mwenye mbwa, ameacha sehemu ya dawa yake nyuma ya mlango ule.

Sababu ni hii. Raje inakaa katika mate ya mbwa. Mbwa mwenye raje anaweza kuwa na virusi katika mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote, na akishaanza kuonyesha dalili, anakufa haraka. Ndiyo maana waganga wanahesabu siku kumi: mbwa aliyeuma leo, kama angali mzima, anakula na kutembea siku ya kumi, basi siku ile ya kuuma hakuwa na raje katika mate yake. Kama amekufa, amegonjwa au amepotea katikati, mambo yanabadilika. Kwa mtu, ugonjwa unachelewa. Mara nyingi unatokea kisha miezi miwili au mitatu, mara chache kisha wiki moja tu, na wakati mwingine unafika mwaka mzima. Ukishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Hiyo miezi ya ukimya ndiyo inayowadanganya watu. Kidonda kimefunga, kijana amerudi kazini, na kila mtu anasema alipona.

Si hadithi ya kuogopesha watoto. Mwaka wa 2014 madaktari wa Kongo walitangaza habari za watoto 21 wa Kinshasa waliopatwa na raje. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu karibu 59.000 wanaokufa kwa raje kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote waliumwa na mbwa. Wengi ni wa Afrika na Asia.

Basi turudi kwenye mlango wa lupango, na tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kijana analeta katoni mbili za vyakula kwenye nyumba moja ya komini ya Kampemba. Ni tarehe 4, saa kumi mangaribi. Sentineli anafungua mlango mdogo, mbwa anapita katikati ya miguu yake na kumuuma kijana kwenye kigimbi cha mguu wa kuume. Meno mawili yamepenya suruali, damu inatoka. Sentineli anasema: «Eh yaya, huyu hana matata, anachezaka tu.»

Cha kwanza ni maji na sabuni, palepale, si kisha kufika nyumbani. Suruali ipandishwe, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Sabuni yoyote inafaa, hata ile ya kufulia, kwa maana sabuni inaharibu ganda la virusi. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Aliye na saa ya telefone aitazame, kwa sababu wengi wanaosha dakika mbili na kusema wamemaliza. Pahali ambapo robine ya REGIDESO haitoi maji, bidoni moja ya litri 20 ikimiminwa polepole inaweza kutosha. Meno yakiwa yameingia ndani, maji yaingie pia ndani ya tundu, hata kama inauma. Kisha, kama kuna dawa ya iyode au alkoli, ipakwe.

Halafu kuna mambo ambayo watu wanafanya kwa nia nzuri na yanaharibu: kufunga mguu kwa kamba, kumwaga mafuta ya moto au pilipili, kupaka unga wa makala, kuweka jiwe nyeusi. Jiwe nyeusi halivuti virusi vya raje. Ubaya wake mkubwa zaidi ni saa zinazopotea wakati familia inasubiri jiwe lianguke lenyewe. Hata kushona kidonda haraka hakufai. Kidonda cha mbwa kinaachwa wazi mara nyingi, na kama ni lazima kushona, muganga anangoja kwanza serumu ya raje iwekwe ndani na kuzunguka kidonda. Mtu akiona kituo cha afya kinashona mguu wake mara moja bila kuuliza habari za mbwa, awe na haki ya kuuliza kwa nini.

Wakati mguu unaoshwa, mtu wa pili achukue kaye. Si lazima iwe fishi ya serikali. Ukurasa wa kaye ya mtoto wa shule unatosha. Kwa mfano huu, maandishi yanaweza kuwa hivi:

«Tarehe 4, saa kumi na dakika 20 mangaribi. Avenyu na namba ya lupango, kartie, komini ya Kampemba. Mpeleka-mizigo, miaka 24, ameumwa na mbwa mara moja kwenye kigimbi cha kuume. Matundu mawili, damu imetoka, suruali imetobolewa. Mbwa alitoka ndani mlango ulipofunguliwa, hakuna aliyempiga wala kumchokoza. Mbwa dume, mkubwa, rangi ya kahawia, kifua cheupe, mkanda mwekundu shingoni. Mwenye mbwa: jina lote, telefone. Sentineli: jina, telefone. Jirani wa namba ya pili: jina, telefone. Karne ya chanjo ya mbwa: imeonekana, sindano ya mwisho mwezi fulani mwaka fulani, tampon ya daktari wa wanyama ipo. Kidonda kimeoshwa na sabuni kutoka saa kumi na dakika 25 hadi saa kumi na dakika 40. Mbwa atabaki amefungwa hapa hadi tarehe 14.»

Mistari michache ya maandishi haya inastahili maelezo. Namba ya telefone ya jirani iko pale kwa sababu mwenye mbwa akishaona hatari ya kulipa, telefone yake inaweza kuzimika. Jirani hana cha kuogopa, na anaweza kutazama juu ya ukuta kama mbwa angali yuko. Rangi na alama za mbwa zinaandikwa kwa sababu malupango mengi yana mbwa wawili au watatu, na siku ya kumi mtu asiye mwaminifu anaweza kuonyesha mbwa mwingine. Picha moja ya telefone, ikichukuliwa kwa mbali, inamaliza ubishi huo.

Swali la kuchokozwa lina maana yake pia. Mbwa anayelinda nyumba na kumrukia mgeni anafanya kazi yake. Mbwa aliyelala njiani na kusimama ghafula kumuuma mtu anayepita, kisha akamuuma mwingine mbele, anatia mashaka zaidi. Lakini asije mtu akasema: alichokozwa, basi hana raje. Daktari anatumia jibu hilo kupima hatari, si kufuta sindano.

Na karne ya chanjo? Wenye mbwa wengi wanaiinua kama ngao. Itazamwe kwa macho, isisikilizwe kwa masikio. Tarehe iwepo, jina la chanjo liwepo, tampon iwepo, na mbwa anayeelezwa ndani awe ndiye huyu. Sindano ya miaka minne iliyopita haimlindi mbwa leo. Hata karne nzuri haiondoi siku kumi za kumtazama, kwa sababu hakuna chanjo isiyoshindwa kamwe.

Kijana sasa anakwenda kwenye kituo cha afya siku ileile, na karatasi mkononi. Muganga atatazama mambo mawili: kidonda na mbwa. Mate juu ya ngozi nzima hayahitaji sindano. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo. Jino lililopenya ngozi, kama hapa, linahitaji chanjo pamoja na serumu, na zaidi ikiwa ni kichwani, shingoni au mikononi, ambako mishipa ya fahamu ni mingi. Atauliza pia sindano ya tetanosi na anaweza kutoa dawa ya kuzuia usaha.

Chanjo ya raje haitolewi mara moja. Katika mpango mmoja unaotumiwa, sindano ya kwanza ni siku ileile, ya pili siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Kwa mfano wetu ni tarehe 4, tarehe 7, tarehe 11, na kuanzia tarehe 18. Kuna mipango mingine mifupi, ambayo sindano inachomwa ndani ya ngozi. Kituo kichague kimoja na kikifuate. Hakuna kusubiri siku kumi ndipo kuanza. Chanjo inaanza, mbwa anatazamwa, na mbwa akiwa mzima siku ya kumi, daktari anaweza kusimamisha zile zilizobaki. Hapo ndipo karatasi inaokoa pesa: sindano ya tarehe 18 haitanunuliwa kama tarehe 14 mbwa anaonekana akila bukari vizuri.

Lakini kuna tarehe nyingine ambayo watu hawaijui, nayo ni kubwa kuliko ile ya kumi. Serumu ya raje haipatikani kila pahali, na mara nyingi kijana anaanza chanjo bila hiyo. Kama ilikosekana siku ya kwanza, inaweza bado kutolewa hadi siku ya saba tangu sindano ya kwanza. Kupita hapo haisaidii tena, kwa sababu mwili umeanza kutengeneza kinga yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba mtu anayemtazama mbwa siku ya kumi tu amechelewa. Mbwa akipotea tarehe 8, na habari zikajulikana tarehe 9, bado kuna nafasi ya kuhangaika kutafuta serumu katika hospitali kubwa za muji. Zikijulikana tarehe 14, nafasi hiyo imefungwa. Basi telefone zipigwe tarehe 7, tarehe 10 na tarehe 14, na kila jibu liandikwe chini ya ukurasa uleule: nani amemwona mbwa kwa macho, saa ngapi, mbwa anafanya nini.

«Mbwa yuko sawa» si jibu. Iulizwe kama anakula, kama sauti yake ya kubweka imebadilika, kama mate yanamwagika na taya limelegea, kama miguu ya nyuma inayumba, kama anajificha gizani au anauma miti na mawe. Mbwa wa raje si lazima awe mkali. Mwingine anakuwa mpole kupita kawaida, analala pembeni, anashindwa kumeza, na mwenye nyumba anaingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Huyo mwenye nyumba naye anakuwa mgonjwa wa pili. Kuna pia wanaosema kwamba mbwa anayekunywa maji hana raje. Si kweli. Kuogopa maji ni dalili ya mtu, si ya mbwa.

Mbwa akifa kabla ya siku ya kumi, asitupwe na asizikwe kimyakimya. Kichwa chake ndicho kinachopimwa, kwa sababu virusi vinatafutwa katika ubongo. Lubumbashi ina kitivo cha udaktari wa wanyama kwenye chuo kikuu, na ina laboratuari ya wanyama. Wenye kujua kazi hiyo wapo, na wao ndio wa kukata na kubeba, si vijana wa kartie na panga. Kwa hiyo tena, wale wanaomuua mbwa kwa kumponda kichwa na mawe mara tu akiuma wanaharibu kile kitu ambacho kingesema ukweli. Na mbwa akifa au akipotea, chanjo ya kijana inaendelea mpaka mwisho, bila kungoja majibu ya laboratuari.

Wenye malupango wana hofu moja, na inastahili kujibiwa. Wanasema: nikiandika jina langu, nimekubali kosa, kesho kijana ataniletea polisi. Lakini sheria haikungoja karatasi hiyo. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba mwaka wa 1888, kinasema kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia, anajibu kwa hasara ambayo mnyama ameleta, awe chini ya ulinzi wake au awe amepotea au ametoroka. Kusema «alitoka peke yake» hakusaidii. Aliyeandika vizuri, akamfunga mbwa na kulipa chanjo, yuko pahali pazuri zaidi mbele ya hakimu kuliko aliyetoa noti mkononi na kumuhamisha mbwa usiku kwenda kwa shemeji yake. Karatasi yenye saa na dakika inamlinda yeye pia dhidi ya kijana anayerudi miezi sita baadaye na kidonda cha mbwa mwingine.

Kijana naye ana hofu yake. Akileta maneno, mteja atalalamika kwa patroni, na moto itapewa mwingine. Hapa lawama kubwa ni ya mapatroni. Depo inayotuma watu kwenye malango 20 kwa siku inajua kwamba nyuma ya mengi kuna mbwa. Kuumwa ukiwa kazini ni ajali ya kazi, na mfanyakazi aliyeandikishwa kwenye CNSS ana haki zake hapo, patroni akitangaza ajali. Shida ni kwamba wengi wa vijana hawa hawajaandikishwa popote, wanalipwa kwa safari. Kwao, kaye iliyowekwa kwenye depo, yenye ukurasa mmoja kwa kila aliyeumwa, si kitu kikubwa cha kudai. Na agizo moja dogo linaweza kuongezwa kwenye telefone ya kuuliza anwani: «Mama, kuna mbwa? Mumufunge, ninafika.»

Faida ya kaye haiishi kwa mtu mmoja. Huko Serengeti, Tanzania, watafiti walianza na maandishi ya hospitali ya watu walioumwa, wakarudi nyumba kwa nyumba kuuliza mbwa alitoka wapi, alimuuma nani mwingine, alikufa lini. Kwa kufuata hivyo walijua jinsi raje inavyopita kutoka mbwa hadi mbwa. Kisiwani Pemba njia hiyohiyo ya kufuatilia, pamoja na kuchanja mbwa, ilisaidia kuuondoa ugonjwa. Kurasa zilizoandikwa Kampemba, Ruashi, Katuba na Kenya, zikikusanywa na shefu wa kartie na kupelekwa kwenye zoni ya afya, zingeonyesha ni avenyu gani ambako mbwa wanauma watu kila wiki. Leo ujuzi huo uko katika vichwa vya masentineli.

Kuna mbwa ambao karatasi haiwezi kuwafunga. Mbwa wa njiani, asiye na mwenyewe, aliyeuma na kukimbia, hana siku ya kumi. Kwa huyo hakuna cha kungoja. Anahesabiwa kama mwenye raje, na chanjo inafanywa yote. Hata hivyo iandikwe: pahali, saa, rangi, alikimbilia upande gani, kwa sababu pengine watoto wawili wa avenyu ya mbele wameumwa na yuleyule na wazazi hawajajua bado.

Kwa familia za wahami wa vita zilizofika Lubumbashi, jambo lina ugumu wake. Vijana wao wanapata kazi ya kupeleka mizigo haraka kuliko kazi nyingine, lakini hawajui bado majina ya avenyu, na telefone mara nyingi ni ya shangazi au ya jirani. Aliye hivyo aandike pahali kwa alama: karibu na kanisa gani, soko gani, mlango wa rangi gani. Aandike namba mbili ambazo ataweza kupatikana, hata kama si zake. Na familia ikihama kabla sindano hazijaisha, fishi ya chanjo iende nayo, ionyeshe tarehe za sindano zilizotolewa na jina la chanjo. Kituo kipya kinaendelea kutoka pale kilipoachia kingine, hakianzi upya. Sindano iliyochelewa siku mbili au tatu itolewe mara mtu anapofika. Kuchelewa si sababu ya kuacha.